Picha ya DS-160 imegoma kupakiwa: kagua faili na mtandao kabla ya kubonyeza tena

Fomu ya DS-160 ya kuomba viza ya kutembelea Marekani huwatoa watu jasho kwenye ukurasa mmoja kuliko kurasa nyingine zote: ule wa picha. Mwombaji yuko Dar, Nairobi au Kampala, amejaza kila kitu, anachagua picha, anabonyeza, inagoma. Anabonyeza tena picha ileile, kwa mtandao uleule, mara tano, mara kumi. Faili lenye kasoro halitapona kwa kubonyezwa. Kinachotakiwa ni kujua kwanza limekwama wapi, maana mahali lilipokwama ndipo panapoonyesha kosa.

Kabla ya yote, haya ndiyo masharti ya faili lenyewe. Liwe JPEG. Uzito wake usizidi kilobaiti 240. Picha iwe mraba, yaani upana na urefu sawa, upande mmoja ukiwa na pikseli kati ya 600 na 1200. Iwe ya rangi, si nyeusi na nyeupe. Na kama imebanwa ili kupunguza uzito, isibanwe ikawa chini ya sehemu moja ya ishirini ya uzito iliokuwa nao kabla ya kubanwa. Sharti hili la mwisho wengi hulipita bila kulisoma, nasi tutalirudia kwa sababu ndilo linalowafunga wanaojitahidi.

Uzito na vipimo ni vitu viwili tofauti. Uzito ni nafasi ambayo faili linachukua, nao unahesabiwa kwa kilobaiti au megabaiti. Vipimo ni idadi ya pikseli. Picha inaweza kuwa nyepesi lakini ndogo mno, au ikawa na vipimo sahihi lakini nzito.

Kwanza jiulize: imekwama wapi?

Ukitumia Chrome kwenye kompyuta, tazama kona ya chini kushoto mara tu baada ya kubonyeza. Faili likianza kwenda, utaona neno "Uploading" na asilimia zikipanda. Hapo unapata mojawapo ya majibu matatu. Ujumbe wa kukataliwa ukija papo hapo, kabla asilimia hazijapanda, shaka ya kwanza ni faili. Asilimia zikipanda kisha zikaganda, shaka ni mtandao. Zikifika mwisho ndipo ukapata kosa, au ukurasa ukakurudisha mwanzo, seva imelipokea faili lakini imelikataa, au muda wako ndani ya fomu umekwisha.

Kwenye simu asilimia hizo huzioni, basi tumia saa. Sekunde moja au mbili ni kukataliwa papo hapo. Dakika nzima ukurasa ukizunguka tu ni mtandao.

Dalili ya kwanza: inakataliwa papo hapo

*Faili ni zito.* Hii ndiyo sababu inayojitokeza zaidi. Picha ya simu ya leo huwa na megabaiti 2 hadi 5, na hiyo ni mara nane hadi ishirini hivi ya kiwango kinachoruhusiwa. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", usome mstari ulioandikwa "Size", si "Size on disk". Ule wa pili unaonyesha nafasi iliyotengwa kwenye diski, nao kwa kawaida ni mkubwa kidogo kuliko faili lenyewe. Kwenye iPhone, fungua picha kisha uguse alama ya "i" chini yake: utaona muundo, pikseli na uzito pamoja. Kwenye Android, fungua picha kwenye galari na utafute "Details", au isukume picha juu kwa kidole.

Usilenge 240 kamili. Programu nyingine huhesabu kilobaiti moja kuwa baiti 1,000 na nyingine 1,024, kwa hiyo faili linaloonekana 239 kwako linaweza kusomeka limezidi upande wa pili. Ukibaki chini ya 230 umeondoa mjadala huo.

*Muundo si JPEG.* Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC. Baadhi ya simu za Samsung nazo hufanya hivyo ukiwa umewasha "High efficiency pictures" kwenye mipangilio ya kamera. Ukipakia kutoka ndani ya iPhone kwa kuchagua picha kwenye albamu, mara nyingi simu huibadilisha kuwa JPEG kimyakimya. Ukiihamishia kwenye kompyuta kwa waya, inaweza kufika ikiwa HEIC vilevile. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba kwenye simu inakubali ila kwenye kompyuta inakataa, ilhali ni picha ileile.

Picha ya skrini nayo mara nyingi huwa PNG, na picha iliyohifadhiwa kutoka kwenye tovuti inaweza kuwa WebP. Na hata ukiifanya JPEG, picha ya skrini haifai hapa, kwa sababu imeshapoteza ubora. Tafuta ya awali.

*Jina limebadilishwa, muundo haujabadilika.* Mtu wa stesheneri akiona ".heic", hufuta herufi hizo na kuandika ".jpg". Amebadilisha lebo ya chupa, dawa iliyomo ni ileile. Seva inasoma mwanzo wa faili lenyewe, haisomi jina tu. Nawe unaweza kuusoma mwanzo huo bila kununua programu yoyote. Kwenye Windows, lifungue faili kwa Notepad, kisha utazame mstari wa kwanza katikati ya herufi zilizovurugika. Ukiona "JFIF" au "Exif" karibu kabisa na mwanzo, ni JPEG. Ukiona "PNG", ni PNG. Ukiona "ftypheic", ni HEIC, na "RIFF" ikifuatwa na "WEBP" ni WebP. Funga Notepad bila kuhifadhi chochote. Ukihifadhi, utaliharibu faili. Kwa tahadhari, fanya hivyo kwenye nakala.

Wenye Linux au Mac wanapata jibu kwa amri moja:

```
file picha.jpg
```

Kugeuza muundo kwa njia halali si kazi ngumu. Kwenye iPhone, ihifadhi picha kwenye Files, ishikilie kwa kidole, chagua "Quick Actions", kisha "Convert Image", kisha JPEG. Kwenye Windows, ifungue kwa Paint, ikikubali kuifungua, na uihifadhi kwa "Save as" ukichagua JPEG. Na kama bado hujapiga picha yenyewe, nenda kwenye "Settings", "Camera", "Formats", uchague "Most Compatible", ndipo upige.

Dalili ya pili: inaenda, kisha inaganda

Anza na salio la data. Bando likiisha katikati, ukurasa uliokuwa umeshafunguka hubaki mbele yako kana kwamba uko hewani, kwa sababu maandishi yake yalishashuka. Vilevile mwenye bando la WhatsApp au la mitandao ya kijamii peke yake ataona ujumbe ukiingia bila shida, akaamini intaneti ipo, huku fomu haiendi popote. Fungua tovuti nyingine ambayo hujaifungua siku hiyo. Isipofunguka, tatizo si picha.

Ikiwa data ipo, pima kasi ya kupakia. Watu husoma namba ya kupakua, ile kubwa, wakasema mtandao uko vizuri. Wewe unatuma, hupokei, na kasi ya kutuma kwa kawaida huwa ndogo zaidi, hasa ukiwa mbali na mnara au ndani ya jengo lenye kuta nene. Kasi hupimwa kwa biti, na faili hupimwa kwa baiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo picha ya megabaiti 4 ni megabiti 32. Kwa kasi ya kutuma ya kilobiti 200 kwa sekunde, itahitaji sekunde 160 hata mtandao usipokatika hata mara moja. Picha ya kilobaiti 120 ni kilobiti 960, nayo kwa kasi hiyohiyo inapita kwa sekunde tano hivi. Kupunguza uzito kunasaidia hata pale ambapo tatizo ni mtandao: faili jepesi linapenya kwenye mwanya ambao faili zito lingekatikia.

Hapa pana dokezo moja la kupimia. Ikiwa faili lako ni chini ya kilobaiti 240 na bado linaganda, mtandao wako ni mbovu kweli, au kuna kitu kinauzuia. Zima VPN ukiwa nayo. Zima hali ya kubana data kwenye simu na kwenye kivinjari. Sogea dirishani au nje, halafu jaribu tena. Kama uko intanetikafe yenye watu wengi, washa mtandao wa simu yako uunganishe kompyuta kwa muda. Ukipita mara moja, umejua kosa lilikuwa kwa nani.

Mwisho, jaribu kivinjari kingine. Fungua Chrome au Firefox kamili. Usitumie kile kivinjari kidogo kinachofunguka ndani ya WhatsApp au Facebook ukigusa kiungo, maana mara kwa mara hicho hushindwa kuchagua na kutuma faili.

Dalili ya tatu: inafika, kisha inakataliwa au inakurudisha mwanzo

*Muda umekwisha.* Ukikaa dakika 20 bila kufanya lolote, DS-160 hukutoa. Sasa fikiria mtiririko wa kawaida: picha inakataliwa kwa uzito, unaiacha fomu wazi, unaenda kuipunguza, unapigiwa simu, unarudi baada ya nusu saa na faili zuri kabisa. Unabonyeza, unatupwa nje. Unaamini picha imekataliwa tena, kumbe faili halina kosa lolote. Hii ndiyo sababu ya kuandaa picha kabla ya kuufungua ukurasa ule.

Ukitolewa, usianze fomu mpya. Rudi kwa kutumia "Application ID" uliyopewa mwanzoni pamoja na herufi tano za kwanza za jina lako la ukoo, mwaka wa kuzaliwa na jibu la swali la usalama. Andika namba hiyo kwenye karatasi siku ya kwanza, na uhifadhi fomu kabla ya kuondoka mezani. Usimwachie mtu wa kafe namba hiyo pamoja na jibu la swali lako, kwa sababu hivyo viwili vinafungua taarifa zako zote.

*Vipimo si sahihi.* Picha ya pasipoti iliyokatwa kwa kiwango cha hapa kwetu huwa ndefu kuliko upana wake. DS-160 inataka mraba. Usiivute ili iwe mraba, uso utapanuka. Ikate. Ukiwa na picha ya awali yenye nafasi ya kutosha juu ya kichwa na pembeni mwa mabega, kukata ni kazi ya sekunde chache. Ukiwa na picha iliyokwisha kukatwa karibu mno na kichwa, piga upya.

*Imebanwa kupita kiasi, au haikubanwa vya kutosha.* Turudi kwenye lile sharti la mara 20. Picha ya rangi hutumia baiti tatu kwa kila pikseli kabla ya kubanwa. Ya 1200 kwa 1200 ina pikseli 1,440,000, sawa na baiti 4,320,000. Gawa kwa 20, unapata 216,000. Maana yake picha ya ukubwa huo inatakiwa iwe na kilobaiti kati ya 216 na 240 hivi. Huo ni mlango mwembamba sana, na wanaong'ang'ania ukubwa wa juu kabisa ili picha "iwe nzuri" ndio hupiga vichwa kwenye kizingiti chake.

Sasa chukua 800 kwa 800. Pikseli ni 640,000, baiti ni 1,920,000, na ukigawa kwa 20 unapata 96,000. Hapa una nafasi kuanzia kilobaiti 96 hadi 240. Kwa 600 kwa 600, nafasi inaanzia 54. Ushauri wetu ni 800: uso unaonekana vizuri, na huna haja ya kupigania kilobaiti moja moja.

Faili moja kutoka mwanzo hadi mwisho

Tuseme picha imepigwa kwa iPhone. "i" inaonyesha HEIC, pikseli 3024 kwa 4032, megabaiti 1.9. Makosa ni matatu kwa pamoja: muundo, umbo na uzito. Mtu akirekebisha moja na kupakia, atakataliwa kwa la pili, kisha kwa la tatu, na atadhani mfumo unamchezea.

Anza kwa kukata iwe mraba kwenye programu ya picha ya simu yenyewe, kichwa kikiwa katikati na nafasi ikiwa imebaki juu. Matokeo ni kama 3024 kwa 3024. Kisha igeuze kuwa JPEG. Halafu, na si kabla ya hapo, punguza vipimo hadi 800 kwa 800. Mpangilio huu una sababu yake: ukipunguza kwanza ndipo ukate, unaweza kujikuta chini ya pikseli 600.

Kwenye kompyuta yenye ImageMagick, programu ya kurekebisha picha kwa kuandika amri, hatua ya mwisho ni hii:

```
magick mraba.jpg -auto-orient -resize 800x800 -colorspace sRGB -quality 85 viza.jpg
magick identify viza.jpg
```

Amri ya pili inakusomea muundo, pikseli na uzito. Tuseme imetoka kilobaiti 118. Gawa 1,920,000 kwa 118,000, unapata kama 16. Iko chini ya 20, na uzito uko chini ya 240. Faili hilo liko tayari. Kama lingetoka kilobaiti 80, lingekuwa limebanwa mno. Ungepandisha "quality" hadi 92 na kuanza tena kutoka mraba.jpg. Usianze kutoka viza.jpg. JPEG hupoteza kidogo kila inapohifadhiwa upya, na picha iliyopunguzwa mara nne mfululizo huanza kuonyesha vijisanduku mashavuni.

Bila ImageMagick, Paint inatosha: Ctrl na W hufungua "Resize", chagua "Pixels", andika 800. Paint haikuruhusu kuchagua ubora, kwa hiyo ukiona uzito hauko ndani ya mipaka, badilisha vipimo badala yake. Jaribu 700 au 900.

Kuitoa picha kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, tumia waya au ujitumie kwa barua pepe ikiwa kamili. Ukiituma WhatsApp, itume kama "Document". Ukiituma kama picha ya kawaida, inapunguzwa njiani, nawe unaanza kazi na faili lililokwisha kupungukiwa. Jihadhari pia na tovuti zisizojulikana zinazojitangaza kupunguza picha bure: unamkabidhi uso wako mtu usiyemjua, kwa kazi ambayo Paint inaifanya. Na ukimaliza kwenye kompyuta ya watu, futa faili zote mbili na uondoe hata zile zilizobaki kwenye "Recycle Bin".

Picha imelala upande

Simu haigeuzi pikseli. Inaandika tu ndani ya faili kwamba picha isomwe ikiwa wima. Programu isiyosoma maandishi hayo huionyesha imelala. Tiba ni kuizungusha kwenye kompyuta kisha kuihifadhi upya, au ile "-auto-orient" iliyo kwenye amri hapo juu.

Acha hapa

Picha ikifunguka nusu, na nusu ya chini ikiwa ya kijivu, faili limekatika au kadi ya kumbukumbu inakufa. Usilipakie. Acha kupiga picha nyingine kwenye kadi hiyo, itoe, na kama ina picha unazozihitaji mpelekee fundi wa kuokoa data kabla ya kuijaza au kuifomati. Kwa viza, piga picha nyingine kwa simu nyingine.

Faili likiwa ndani ya masharti yote na mfumo ukasema picha haifikii ubora, tatizo limetoka kwenye faili na kuhamia kwenye picha: kivuli ukutani, mandhari isiyo nyeupe, miwani, kichwa kidogo au kikubwa mno. Usikae usiku kucha ukibadilisha kilobaiti, wala usimpe mtu akufutie kivuli kwa programu, maana picha iliyohaririwa inaweza kukataliwa. Nenda kwa mpiga picha wa studio umwambie ni ya viza ya Marekani, akupe faili la awali mbali na karatasi.

Na ukishajaribu faili safi kwa vivinjari viwili na mitandao miwili bila mafanikio, simama. Hifadhi fomu, rudi baada ya saa kadhaa. Usimlipe wakala anayedai ana njia ya pembeni ya kuipitisha picha. Ukurasa wa uthibitisho ukitoka na alama ya X kwenye kisanduku cha picha, ombi lako halijapotea: maana yake picha haikupakiwa, na utatakiwa kwenda kwenye usaili na picha moja iliyochapishwa, milimita 51 kwa 51, iliyopigwa ndani ya miezi sita iliyopita. Chapisha ukurasa huo jinsi ulivyo, na usome maelekezo ya ubalozi unaokwenda, kwani baadhi hutaka picha ya karatasi hata kwa waliofanikiwa kupakia.